Guka haoni, na mimi sijui nianzie wapi na hii picha

"Mwalimu, guka wangu alipoteza macho miaka tisa iliyopita, presha ya macho. Juzi kasini wetu wa Nakuru ametuma kwa grupu picha ya zamani ya familia, anasema guka pia yumo, ameipiga na simu ikiwa kwa fremu ukutani. Haina maandishi yoyote, hata nyuma ya fremu kasini aliangalia. Simu ya guka inamsomea meseji lakini ikifika hapo inasema tu 'picha'. Nimejaribu kumwelezea mara mbili, naanza na nguo na KICC, na yeye ananikatiza, 'Sawa, sawa, lakini mama amesimama wapi?' Nianzie wapi, na niache nini? Picha nimekutumia."
Msomaji, Umoja

Habari ya Umoja. Nimeifungua picha yako nikakaa nayo kitambo kabla ya kuandika hata neno moja, na wewe pia naomba ufanye hivyo, dakika kumi peke yako kabla hujampigia guka, manake wengi wetu tunaelezea picha huku ndio tunaiangalia mara ya kwanza, na kinachotoka mdomoni ni kile kilichogonga jicho kwanza, sio kile chenye maana. Jicho lako liligongwa na jumba na gauni. Masikio ya guka yanatafuta mama yake.

Na hapo guka amekuambia kila kitu. Wewe ukifungua picha unaipata yote kwa mpigo mmoja, watu saba na jumba na jua, alafu ndio unaanza kuchungulia kona moja moja. Yeye anapokea kipande baada ya kipande, na kila kipande lazima akishike kichwani akisubiri kinachofuata. Ukimwambia kuna gauni la mauamaua kabla hajajua kuna watu wangapi, hilo gauni halina mtu wa kulivaa. Analining'iniza tu hewani, na ukiongeza kofia na sweta na viatu anachoka kubeba, ndio anakukatiza. Sio ukali wa uzee.

Kwa hivyo raundi ya kwanza iwe fupi kabisa, sentensi tatu, nne ukizidi sana, na ziwe zinampa mahali, idadi na mpangilio. Kwa hii picha yako mimi ningesema hivi:

"Guka, ni picha ya familia, watu saba, nje pale KICC, na kuna jua. Wakubwa wanne wamesimama nyuma kwa mstari, watoto watatu wamechuchumaa mbele yao. Wote ninaoona nyuso zao wanaangalia kamera isipokuwa kijana mmoja."

Alafu nyamaza. Serious, nyamaza. Hiyo ndio sehemu ngumu kuliko zote kwa mtu anayeona. Mzee atauliza kitu, na swali lake la kwanza ndilo litakuambia raundi ya pili iende wapi. Akiuliza "kijana gani haangalii?" nenda kwa huyo kijana. Akiuliza mama, nenda kwa mama. Ukiwa tayari umejipanga na hotuba yako ya dakika tano utamburuta pale asipotaka kwenda.

Sasa raundi ya pili, mstari. Chagua upande mmoja uanze nao na usiuache hadi mwisho, na useme wazi ni kushoto kwa nani. Hii inaharibu maelezo mengi kuliko kitu kingine chochote. Wewe ukisema "mama ako kushoto" unamaanisha kushoto kwako unayeangalia, lakini guka alikuwa ndani ya hiyo picha, kwa hivyo mwili wake unakumbuka kushoto kwa waliosimama, ambayo ni kinyume. Mwambie mapema, "nahesabu kutoka kushoto kwangu mimi ninayeangalia, kana kwamba umesimama pale mpiga picha alikuwa". Kisha: wa kwanza mwanaume mrefu, kofia na kabuti, mikono nyuma. Wa pili mwanamke, kitambaa kichwani, gauni la mauamaua. Wa tatu kijana mwembamba, shati jeupe, mkono mmoja mfukoni, na huyu ndiye anayeangalia pembeni. Wa nne msichana, karibu kimo kimoja na kijana. Mbele, wavulana wawili na kasichana kadogo katikati yao.

Ona venye kila mtu nimempa vitu viwili au vitatu tu, vya kumtofautisha na mwenzake, basi. Sijasema kabuti lina vifungo vingapi. Akitaka vifungo ataomba.

Kama utaenda kumwona nyumbani kuna kitu mimi hufanya na sijawahi juta. Beba vifuniko vinne vya soda na punje tatu za maharagwe, uvipange kwa sinia kama watu walivyosimama kwa picha, vifuniko nyuma, maharagwe mbele, na uweke nafasi kati yao kama ilivyo kwa picha. Shika kidole chake ukipitishe, "huyu wa kofia, huyu wa kitambaa". Nimefanya miaka mingi kazi ya kugeuza picha za vitabu vya shule ziwe za kuguswa, na hata kule tulijifunza kwamba kidole hakitaki sura, kinataka nani ako karibu na nani. Baada ya hapo mzee anaweza akawa anaongea nawe huku kidole chake kimekaa juu ya kifuniko cha mamake muda wote. Muache tu.

Na hiyo nafasi kati ya vifuniko ndio inatuleta kwa kitu ambacho mimi naona ndio roho ya picha za familia, na watu wengi hukiruka: nani anamgusa nani. Rudi uangalie. Mama, wa pili, ameweka mkono wake wa kushoto begani kwa yule kijana wa shati jeupe, unaona vidole vinne vimejitokeza juu ya bega. Baba wa kofia amesimama mbali kidogo, kuna mwanya kati yake na mama ambao ungepitisha mtu. Kale kasichana ka mbele kameshika gauni la mama kwa nyuma, bila hata kugeuka. Hizi tatu, mkono begani, mwanya, na gauni kushikwa, zina maana mara kumi zaidi kuliko rangi ya sweta, juu guka alikuwepo, na akisikia mkono wa mama yake uko begani mwa nani anaweza kukuambia mwenyewe ni siku gani.

Nikifikiria tena, mkono begani ungeingia hata raundi ya kwanza.

Kuhusu nyuso, tahadhari. Picha za zamani watu hawakucheka hovyo, walijikaza, kupigwa picha ilikuwa shughuli, unavaa nguo za Jumapili na filamu ina nafasi chache. Kwa hivyo usiseme "wanaonekana wana huzuni" au "baba amekasirika". Mzee hawezi kuangalia akakubishia, atalala na hiyo hasira ya baba usiku mzima na labda haikuwepo. Sema unachoona: "baba midomo imefunga, paji la uso limekunjamana, na jua linampiga usoni". Hapo kwa jua umempa nafasi ya kuamua mwenyewe kama ni hasira au ni mwangaza. Mama, "midomo imefunga lakini mashavu yameinuka kidogo". Anajua mashavu ya mama yake kuliko wewe.

Sasa majina. Wewe hukuwahi kuwaona hawa wazee, kwa hivyo "baba" na "mama" tunakisia tu, tena nimeandika hivyo hapa juu ndio wewe na mimi tuelewane kwa urahisi. Kwa guka usianze na jina. Hili nalisema kwa uchungu kidogo. Miaka iliyopita nilimwelezea mzee mmoja picha ya harusi, nikamwambia kwa ujasiri wote, "na huyu hapa kando ya bwana harusi ni dada yako", juu nilikuwa nimeambiwa dada alikuwa mrefu na huyo alikuwa mrefu. Mzee akafurahi, akaanza kusimulia kwa kila mgeni venye dada yake alisimama karibu na yeye siku hiyo. Wiki tatu baadaye dada mwenyewe akapiga simu, akasema hakuhudhuria ile harusi, walikuwa wamekosana. Hakuna aliyenigombeza, lakini nilimharibia mzee kitu ambacho sikuweza kukirudisha. Anayeona akidanganywa jina ataangalia aseme "aa, huyu siye". Asiyeona anachukua neno lako kama macho yake.

Kwa hivyo mpe mwili na nguo, yeye akupe jina. "Mwanaume mrefu, kofia ya ukingo mpana, kabuti refu hadi magotini." Akisema "huyo ni baba", ndio mtaendelea kumwita baba. Akisema "hapana, baba hakuwa na kabuti, huyo ni mjomba", umeona umeokoka nini. Wewe uko na macho, yeye ako na majina, hii kazi ni ya watu wawili.

Pia yeye mwenyewe yuko ndani na hujui ni yupi. Mimi nina kisio langu na nimekataa kukuambia, usije ukalipeleka kwake.

Rangi, kuna mtego. Ukiangalia hiyo picha yote imeingia wekundu, hata anga. Picha nyingi za rangi za miaka ya sabini zimegeuka hivyo, manake ile rangi ya buluu-kijani ndani ya karatasi mara nyingi ndiyo hufifia kwanza, wekundu unabaki ukitawala. Kwa hivyo gauni unaloliona hudhurungi huenda lilikuwa kijani siku hiyo. Mwambie hivyo hivyo, "sasa inaonekana hudhurungi lakini picha yote imegeuka nyekundu, huenda ilikuwa kijani". Usiogope kumtajia rangi eti kwa sababu haoni, huyu mzee ameona maisha yake yote hadi juzi, na presha ya macho huwa inakula pembeni kwanza polepole, katikati mwisho, kwa hivyo ako na ghala nzima ya rangi kichwani. Angekuwa amezaliwa haoni ningekuambia ushikilie zaidi vimo na vitambaa, "kichwa chake kinafika kwapani kwa baba", "kabuti zito la sufu", na hata huyo rangi ungemtajia pale zina kazi, kama nyeupe ya harusi.

KICC ndiyo hiyo uliyoanza nayo. Kwa guka neno moja linatosha, alishawahi kuiona, usianze kumwelezea mnara wa mviringo. Kitu cha kuongeza ni kwamba mnara umekatwa, juu haionekani, tunaona ghorofa za chini tu, na kulia kuna kile kijumba cha mkutano chenye umbo la pia iliyopinduliwa. Lakini jumba litakuwa na kazi baadaye, mkishajua watoto ni akina nani: ujenzi wake ulikamilika 1973, kwa hivyo picha haiwezi kuwa ya zamani sana kushinda hapo, na guka akikuambia yule mdogo wa katikati ni nani na alizaliwa lini, mtaangalia kasichana kanaonekana ka miaka mitatu au minne, mjumlishe, na mwaka utatoka wenyewe bila maandishi yoyote.

Kuna doa nyeupe usoni kwa msichana wa nne, umeliona? Hiyo ni kioo cha fremu, kasini wako alipiga picha taa ikiwa imewaka nyuma yake. Usiliruke hilo. Ukisema tu "msichana, uso hauonekani", guka atafikiri msichana aligeuka au amekwaruzwa, na akiwa ni dada aliyekufa hiyo inaweza kumuuma bure. Sema "kioo kimemulika, uso umefichwa na mwanga". Alafu mwambie kasini aitoe kwa fremu kama inatoka bila kuraruka (zingine zimeshikana na kioo, hizo asizilazimishe), aiweke mezani karibu na dirisha, mwanga utoke upande mmoja, azime flashi na taa, asimame juu yake simu ikiwa sambamba na meza. Ikikataa kutoka basi asogee pembeni kidogo hadi ule mwanga uhame usoni, picha itakuwa imepinda lakini uso utarudi.

Umeuliza uache nini. Acha kile ambacho kingekuwa sawa kwa picha yoyote ya watu wamesimama: kwamba wamesimama wima, kwamba wana viatu, kwamba kuna sakafu. Lakini angalia vizuri kabla hujaacha viatu, juu hapa kwako mvulana wa mbele kulia ana kiatu kimoja tu mguuni, kingine amekishika mkononi. Hiyo siyo ya kuacha! Kanuni yangu, kama kweli ni kanuni, ni kwamba kitu kilichovunja mpango wa picha ndicho kinachosemwa. Watu watano tunaoona nyuso zao wanaangalia kamera, mmoja haangalii, sema mmoja. Watoto wote wana viatu, mmoja amevua, sema huyo. Mikanda, miti, mawingu, viraka vya ukuta, viache vikae, vitaombwa vikihitajika.

Na utajuaje kama imeingia? Usimwulize "umeelewa?" atakuambia ndio, wazee wana adabu. Mwambie, "Guka hebu niambie wewe hiyo picha, nione kama nimeisema vizuri." Sikiliza anaweka nani wapi. Akimweka mama kando ya msichana badala ya kijana, jua mstari wako ulichanganya, rudi kwa mstari peke yake, usiongeze kitu kingine. Mara nyingi kosa huwa ni kwamba uliruka kutoka mbele kwenda nyuma katikati ya maelezo, ukaona kale kasichana kamevutia ukataja, alafu ukarudi.

Mkimaliza, andika. Ile picha iliyoko kwa grupu ijibu na meseji ya maandishi, usitume sauti peke yake, manake maandishi simu yake itamsomea, na akipitwa na jina anaweza kurudia hapo hapo bila kutafuta katikati ya rekodi ya dakika sita. Anza na zile sentensi tatu, ufuate mstari, sasa ukiwa na majina aliyokupa yeye. Voisi noti tuma pia kama unapenda, sauti yako ana haki nayo. Na siku nyingine mtu akituma picha kwa grupu mwambieni aandike maneno chini yake kabla hajabonyeza kutuma, hata kama ni mstari mmoja. Kasini naye anaweza kuandika majina nyuma ya picha yenyewe, kwa penseli laini bila kukandamiza, kalamu ya wino huwa inapenya au inaacha alama upande wa mbele.

Kuna kitu kimoja zaidi, na sijui kama ulikiona juu kiko chini kabisa ambapo hakuna mtu huangalia. Kwenye sakafu mbele ya watoto kuna kivuli kinaingia kutoka chini ya picha, kirefu, mabega na kichwa, viwiko viwili vimetoka kama vya mtu aliyeinua kamera. Ni mpiga picha. Jua lilikuwa mgongoni kwake na lilikuwa chini, kwa hivyo ni asubuhi au ni jioni, na ndio maana baba amekunja uso. Kivuli hicho kina kofia, na kwa upande mmoja ni kama kuna mkoba unaning'inia. Inaweza kuwa ni wale wapiga picha wa kulipwa wa pale KICC, na inaweza kuwa ni mtu wa familia ambaye ndio maana hayumo kwa picha. Na yule kijana wa shati jeupe, ukifuatisha macho yake, haangalii hewani, anaangalia kulia nje ya picha, usawa wa macho yake, kama kuna mtu amesimama hapo.

Hayo mawili usiyatafsiri. Mwambie kuna kivuli chenye kofia na mkoba, mwambie kijana anaangalia wapi, alafu uweke simu chini umsikilize.